Ufupisho wa KCSE: namna ya kubana aya bila kunakili sentensi za watu

Wikendi nilikaa na mpwa wangu ambaye ni kandideti, tukapitia ufupisho wa Karatasi ya Pili (102/2), na nimeona afadhali niandike hapa maana maswali aliyoniuliza ndiyo yale yale wanafunzi wangu huniuliza kila mwaka. Ufupisho una alama 15. Kwa kawaida unapewa kifungu kimoja na maswali mawili, kila swali na idadi yake ya maneno, na kuna alama ya mtiririko humo ndani. Ukipitisha maneno unakatwa alama, ukinakili sentensi nzima pia hapo hujafupisha kitu.

Nitatumia aya hii niliyomtungia, ina maneno 94:

"Wakulima wengi ambao wanaishi katika maeneo kame wameanza kuchimba vidimbwi vya kuhifadhi maji ya mvua. Jambo hili limewawezesha kulima sukuma wiki, vitunguu, nyanya na kabichi hata wakati ambapo mvua haijanyesha. Aidha, akina mama na watoto ambao zamani walikuwa wakitembea mwendo mrefu kwenda mtoni sasa wanapata muda wa kufanya shughuli nyingine. Hata hivyo, vidimbwi hivi vina changamoto zake. Mbu huzaliana humo na kueneza malaria. Isitoshe, watoto wadogo wanaweza kutumbukia na kufa maji ikiwa vidimbwi havijazungushiwa ua. Baadhi ya wakulima nao hulalamika kwamba karatasi ya nailoni ambayo hutandikwa ndani ili maji yasipotelee ardhini ni ghali mno."

Swali: Fupisha aya hii kwa maneno 35-40.

Hatua ya 1: Soma swali kabla ya kifungu

Kama limeuliza hasara peke yake, faida hazikuhusu hata ziwe tamu namna gani. Letu linataka aya nzima, kwa hivyo tuendelee.

Hatua ya 2: Toa hoja

Usipigie mstari sentensi nzima, tafadhali. Mtu akishapiga mstari sentensi nzima ataihamisha hivyo hivyo. Mimi hupenda penseli na maneno mawili matatu pembeni, basi. Kwa aya yetu: vidimbwi maeneo kame / mboga kiangazi / mama+watoto muda / mbu malaria / watoto kuzama, ua / nailoni ghali, baadhi. Hoja sita. Ile sentensi ya "vina changamoto zake" haina hoja, ni daraja tu, neno "lakini" linaimaliza. Na ile orodha ya sukuma wiki mpaka kabichi ni "mboga", neno moja badala ya sita.

Hatua ya 3: Funika kifungu, kisha andika

Hapa ndipo tulipokaa mchana mzima. Wengi wanadhani kutonakili maana yake ni kubadilisha maneno, basi anachukua "Mbu huzaliana humo na kueneza malaria" anaandika "Mbu huzaana mle na kusambaza malaria", halafu anakuangalia usoni akingoja sifa. Lakini angalia, sentensi ni ile ile, mpangilio ni ule ule, maneno ni sita kama mwanzo. Hajafupisha na hajaacha kunakili. Mbaya zaidi ni pale kisawe kinapokosea: mpwa wangu aliandika "jangwani" badala ya "maeneo kame", na hapo maana imeshahama, jangwa ni kitu kingine kabisa.

Kwa hivyo funika kifungu, kwa kitabu au hata kiganja, uangalie zile hoja zako za pembeni tu, ujiulize ungemwambiaje mtu ambaye hajasoma. Sentensi itakayotoka itakuwa yako kwa sababu ile ya mwandishi huioni. "Mbu malaria" ikatoka "vidimbwi huleta mbu wa malaria". Kiima kimebadilika, sasa tunazungumzia vidimbwi, na ukibadilisha kiima sentensi yote inalazimika kujipanga upya. Ukikwama, anza na hiyo: nani au nini kingine kinaweza kuanza sentensi?

Sasa tahadhari, maana hii hatua ina mitego. Si kila neno linabadilishwa. "Malaria", "nailoni", "vidimbwi", acha yalivyo, usianze kutafuta visawe vya istilahi. Halafu kuna vijineno vidogo ambavyo watu huvitupa wakidhani ni vya kupamba. Kifungu kimesema "baadhi ya wakulima", ukiandika "wakulima hulalamika" umesema wote. Kimesema watoto "wanaweza" kutumbukia, ukiandika "watoto huzama" umefanya iwe jambo la kila siku. Na lile sharti la ua lisipotee, kwa sababu bila hilo hoja si ile tena. Baada ya kuandika ndipo unafunua na kulinganisha, hoja kwa hoja, ukitafuta vitu hivi tu. Usifunue katikati, utarudi kunakili.

Hatua ya 4: Hesabu na ubane

Rafu andika maneno matano kila mstari. Mpwa wangu alikuwa anahesabu kwa kidole, akifika ishirini na kitu anapotea anaanza upya, na mtihani hauna muda huo. Ukiwa na mistari nane unajua ni 40, kwisha. Kumbuka "akina mama" ni maneno mawili, "ng'ombe" ni moja.

Rafu yake ilifika 46. Watu hapa hukimbilia kutupa hoja nzima, na hoja ndiyo alama! Kiswahili chenyewe kina nafasi ya kubana. Windo la kwanza ni "amba-": "mwanafunzi ambaye anasoma" ni "mwanafunzi anayesoma", au hata kihusishi kinatosha. Alikuwa ameandika "Wakulima wengi ambao wako katika maeneo kame wanachimba vidimbwi vya kuvuna maji ya mvua", maneno 14. "Ambao wako katika" ikawa "wa", "vya kuvuna maji ya mvua" ikawa "kuvuna mvua", zikabaki 9. Kisha "ikiwa havijazungushiwa ua" ikawa "visipozungushiwa ua", hiyo -sipo- imemeza "ikiwa". Sita zimetoka na hakuna hoja iliyoguswa:

"Wakulima wengi wa maeneo kame wanachimba vidimbwi kuvuna mvua. Hivyo wanapanda mboga kiangazi, nao wanawake na watoto hawapotezi muda wakifuata maji mbali. Lakini vidimbwi huleta mbu wa malaria, visipozungushiwa ua watoto huweza kuzama, na baadhi ya wakulima huona nailoni ghali."

Hesabu mwenyewe, ni 40 kamili. "Hivyo", "nao" na "lakini" usizitoe hata ukiwa umebanwa vipi, hizo ndizo zinazokupa mtiririko. Ukizitoa unabaki na orodha ya hoja zisizoshikana.

Hatua ya 5: Nakala safi

Karatasi ina nafasi ya matayarisho na ya nakala safi. Rafu iwe kwenye matayarisho, halafu nakala safi iwe aya moja ya nathari, bila vidoti wala namba za hoja. Wakati wa kunakili rafu usiongeze neno "zuri" lililokujia dakika ya mwisho, ulishafika 40.