Kuchambua data za upili: kukokotoa udumavu wa watoto kutoka utafiti wa kitaifa

Mtafiti anayetaka kujua ni watoto wangapi wa chini ya miaka mitano wamedumaa hana haja ya kuanza kwa kupima watoto mwenyewe. Tafiti za Demografia na Afya, maarufu kwa kifupi DHS, zimefanyika tangu miaka ya 1980 katika nchi zaidi ya 90, na faili zake zimekuwa zikitolewa bila malipo kwa watafiti wanaojiandikisha na kuziomba. Faida yake si kuokoa fedha tu: sampuli ni ya nchi nzima, na maswali mengi hurudiwa kwa namna ileile kila awamu, kwa hiyo mabadiliko ya miaka mingi yanaweza kufuatiliwa. Hata hivyo data hizo hukusanywa kwa ajili ya maswali ya watu wengine, na hilo ndilo linalotudai uangalifu.

Hatua ya kwanza: soma dodoso na kiambatisho cha sampuli kabla ya kufungua faili. Humo utaona nani alipimwa, nani aliachwa, na matokeo yanawakilisha ngazi gani ya utawala.

Hatua ya pili: chagua faili inayolingana na swali. Faili ya watoto (KR) ina watoto wa akina mama waliohojiwa pekee. Faili ya wanakaya (PR) ina pia yatima na watoto wanaoishi mbali na mama zao, nao wanaweza kuwa na hali tofauti ya lishe. Kwa udumavu, tumia PR.

Hatua ya tatu: kagua ubora wa vipimo. Hapa ndipo ningependa utumie muda mwingi. Kigeu hc70 kina alama z ya urefu kwa umri, yaani mikengeuko sanifu mingapi urefu wa mtoto uko mbali na urefu wa kati wa watoto wenye afya wa umri wake, ikiwa imezidishwa kwa 100, hivyo -200 maana yake ni -2, na aliye chini ya hapo amedumaa. Thamani kuanzia 9996 si vipimo bali ni misimbo ya vipimo visivyowezekana. Tuseme una watoto 1,000, ambao 282 wako chini ya -200 na 60 wana msimbo 9998. Ukisahau kuwaondoa hao 60, programu itawahesabu kuwa warefu wa kutosha, nawe utaandika asilimia 28.2 badala ya 30, yaani 282 kwa 940. Kosa hili halitoi onyo lolote kwenye skrini.

Kisha chora mgawanyo wa umri kwa miezi. Watoto wakirundikana kwenye miezi 12, 24 na 36, umri ulikadiriwa, na alama z zinayumba kwa sababu hiyo. Tazama pia mkengeuko sanifu wa alama z: ukizidi 1.5 kwa mbali, shuku upimaji, kwani makosa ya kubahatisha hutanua ncha zote mbili za mgawanyo na kuongeza udumavu usiokuwepo.

Hatua ya nne: weka uzani na muundo wa sampuli. Mikoa midogo mara nyingi huchukuliwa kaya nyingi kuliko uwiano wake, na uzani ndio unaourudisha uwiano huo. Katika programu ya takwimu ya Stata:

```
gen uzani = hv005/1000000
svyset hv021 [pweight=uzani], strata(hv023)
gen dumaa = hc70 < -200 if hc70 < 9996 & hv103 == 1
svy: mean dumaa
```

Hapa hv005 ni uzani, hv021 ni eneo la kuhesabia watu, na hv023 ni tabaka la sampuli. Sharti la hv103 linabakiza watoto waliolala katika kaya hiyo usiku uliotangulia mahojiano.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nimepata asilimia tofauti na iliyochapishwa katika ripoti. Niamini ipi?*

Ndugu yangu, usiendelee na uchambuzi mwingine mpaka uilinganishe na jedwali la ripoti. Anza na hesabu ya watoto waliobaki, kwa sababu idadi hiyo ya kugawanyia ikikosewa, asilimia haiwezi kulingana. Aghalabu chanzo ni kutumia KR badala ya PR, kuacha hv103, au kusahau uzani.

*Ninaweza kutoa takwimu za wilaya yangu, kwa kuwa wilaya yenyewe naiona ndani ya data?*

Kuiona wilaya hakutoshi, dada. Ikiwa sampuli ilipangwa kuwakilisha mikoa, wilaya moja inaweza kuwa na maeneo mawili au matatu tu ya kuhesabia watu, na watoto wa eneo moja hufanana. Kadirio litakuwa na mpaka wa kosa mpana mno. Toa la mkoa.

*Je, naweza kusema kwamba umaskini wa kaya ndio uliosababisha udumavu?*

Mali za kaya ziliorodheshwa siku ya mahojiano, ilhali mtoto wa miaka minne huenda alidumaa kabla ya kutimiza miaka miwili. Kaya inaweza kuwa imepanda au kushuka tangu wakati huo, na dodoso halikuuliza. Andika kwamba vinahusiana, kisha taja kiwango cha uhusiano huo.