Somo: Tangazo la bonasi ambalo mfanyakazi anaweza kulipigia hesabu

> Uongozi unapenda kuwatangazia wafanyakazi wote kwamba bonasi ya mwaka italipwa hivi karibuni kwa waliofanya vizuri. Kiasi kitakuwa hadi mshahara wa mwezi mmoja kulingana na utendaji. Tuendelee kuchapa kazi.

Tangazo hilo niliandika mimi, Novemba 2024, kwa dakika kumi, nikaona limenyooka. Kiwanda chetu kinakoboa na kusaga mahindi, tuko watu 44. Nilibandika asubuhi. Kufika saa saba mchana wapakiaji walishajipangia mshahara mzima wa ziada, madereva walikuwa na habari kwamba "waliofanya vizuri" ni watu wa ofisini, na mama mmoja wa kitengo cha ubora, ambaye ndiyo kwanza ametoka likizo ya uzazi, alikuja kuniuliza taratibu kama na yeye yumo. Sikuwa na jibu la kumpa.

Mwaka uliofuata nililiandika upya. Kipimo changu kilikuwa kimoja tu: mtu akilisoma ubaoni na kalamu mkononi, apate kiasi chake mwenyewe kabla ya siku ya malipo. Kiasi kikiwa kidogo atanung'unika siku mbili. Asipojua kimetoka wapi, atanung'unika mwaka mzima.

Hatua ya 1: Hakikisha kanuni ipo kabla ya kushika kalamu

Nilipomuuliza meneja mwaka ule "waliofanya vizuri kwa kipimo gani?", aliniambia wasimamizi wa zamu wanawajua watu wao. Hiyo si kanuni, na huwezi kuiandika ikaeleweka. Tangazo likiwa na ukungu, mara nyingi tatizo si lugha ya mwandishi, bali ni uamuzi ambao haujafanyika. Rudi kwa wakubwa ukaudai.

Sisi tuliamua kutumia fomu ya tathmini inayojazwa Mei na Novemba, kwa sababu moja kubwa: mfanyakazi ameshaiona na kuisaini. Usimpime mtu kwa kumbukumbu asiyoijua, kwa mfano daftari la getini ambalo yeye hajawahi kulifungua. Hata likiwa sahihi, ataona ametegeshewa.

Hatua ya 2: Pitisha kanuni kwa watu watatu

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko kwingine kote. Chukua majina matatu ya kweli kwenye orodha ya mishahara: aliyekuwa likizo ya uzazi, aliyeugua muda mrefu, na aliyeajiriwa katikati ya mwaka. Fanya hesabu ya kila mmoja kwa mkono.

Kanuni yetu ya zamani, ambayo hata haikuandikwa kwenye tangazo, ilisema anayezidi siku 10 za kutokuwepo hapati. Inasikika vizuri. Sasa ipitishe kwa yule mama: likizo ya uzazi kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara ni siku 84, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kwa hiyo kila anayejifungua ameanguka kabla hajapimwa, wakati sheria hiyohiyo inakataza ubaguzi kwa sababu ya ujauzito. Hakuna aliyekusudia hivyo. Fomula ya kwenye kompyuta ya mhasibu ilihesabu siku tu, bila kuuliza ni za nini.

Tulibadilisha ikawa "siku za kutokuja kazini bila ruhusa", kikomo siku 6, na tukazitaja likizo zisizohesabiwa kwa majina yake. Usiandike "likizo halali" ukaishia hapo, maana kila mtu atatafsiri anavyotaka.

Mtu wa tatu alikuwa kijana wa stoo aliyeanza tarehe 1 Aprili. Tulimpa kwa miezi aliyofanya, na mfano wake tukauweka ndani ya tangazo bila jina.

Hatua ya 3: Ondoa neno "hadi"

Ukiandika "hadi mshahara mmoja", kila masikio yanasikia "mshahara mmoja". Taja kiwango cha chini, cha kati na cha juu, kisha useme ni watu wangapi wako kila daraja. Hiyo idadi ndiyo inayotuliza watu, kwa sababu aliye daraja la kati anaona yuko na wenzake wengi, hajatengwa. Angalizo moja: daraja likiwa na mtu mmoja au wawili, idadi inageuka kuwa jina. Hapo iache.

Halafu kuna kodi, na hapa wengi wetu tunajikwaa. Chukua dereva mwenye mshahara wa msingi 600,000. Baada ya mchango wake wa NSSF wa 60,000, kinachotozwa kodi ya PAYE kwa mwezi wa kawaida ni 540,000, na kodi yake ni 24,000. Mpe bonasi ya asilimia 60, yaani 360,000. Mwezi huo kinachotozwa kodi kinapanda kuwa 900,000, kwenye ngazi ya asilimia 25, na kodi inakuwa 103,000. Bonasi peke yake imekatwa 79,000. Amesoma 360,000 ubaoni, kwenye simu imeingia 281,000, na aliyekula tofauti, kwa mawazo yake, ni mhasibu. Na hapo sijagusa NSSF juu ya bonasi yenyewe. Kaa na mhasibu wako mkubaliane inakatwaje kabla hujaandika chochote.

Hatua ya 4: Tarehe moja, yenye jina la siku

Usitangaze mpaka bodi imesaini na pesa ziko benki. Sisi rasimu ya kwanza ilisema kipindi kinachopimwa ni Januari hadi Desemba, na malipo ni tarehe 19 Desemba. Fundi mmoja wa mashine aliisoma akacheka: "Sasa hizi siku kumi na mbili za mwisho mnazipima kwa ramli?" Tukasogeza kipindi kiishie 30 Novemba.

Acha pia siku chache kati ya tangazo na malipo za watu kuleta malalamiko, wakati orodha bado iko wazi. Wale wasiopata kabisa waite mmoja mmoja, waambiwe kabla karatasi haijapanda ubaoni. Kwetu walikuwa wawili.

Tangazo lilivyotoka

> Kwa wafanyakazi wote.
>
> Bonasi ya mwaka 2025 italipwa Ijumaa, tarehe 19 Desemba 2025, kwa njia ileile unayopokelea mshahara. Bodi imeidhinisha na fedha zipo.
>
> Anayelipwa ni kila mwenye mkataba aliyekuwa kazini tarehe 30 Novemba 2025, ambaye tangu 1 Desemba 2024 hajazidisha siku 6 za kutokuja kazini bila ruhusa. Likizo ya mwaka, ya uzazi, ya ugonjwa yenye cheti cha daktari na ya msiba hazihesabiwi kuwa ni kukosa kazi.
>
> Kiasi kinatokana na daraja lililo kwenye fomu yako ya tathmini ya mwisho. Daraja A ni asilimia 60 ya mshahara wa msingi wa mwezi mmoja, B ni asilimia 40, C ni asilimia 20. Wanaolipwa ni watu 42: A ni 6, B ni 30, C ni 6.
>
> Aliyeanza baada ya 1 Desemba 2024 atalipwa kwa miezi kamili aliyofanya. Mfano: mshahara 450,000, daraja B, ameanza 1 Aprili. Asilimia 40 ni 180,000. Amefanya miezi 8 kati ya 12, kwa hiyo bonasi yake ni 120,000.
>
> Viwango hivi ni kabla ya makato ya kisheria. Kitakachoingia mkononi kitakuwa pungufu, na makato utayaona kwenye hati ya mshahara.
>
> Hesabu yako isipokaa sawa, njoo ofisi ya utumishi na fomu yako kati ya tarehe 8 na 12 Desemba.
>
> Bonasi hii ni ya mwaka 2025. Ya mwaka ujao itaamuliwa na bodi kwa wakati wake.

Limekuwa refu kuliko la kwanza, najua. Walikuja watu watano ofisini. Wawili walikuwa na haki, tukarekebisha.

Maswali ya wanachama

*Mhasibu, Moshi:* Shikamoo dada. Naweza kuigawa hiyo kodi miezi mitatu ili isimuumize mtu Desemba?

Marahaba. Kodi inafuata mwezi uliolipa, na inatakiwa TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi huo kuisha. Ukitaka iwe nyepesi, lipa bonasi yenyewe kwa awamu za kweli na uzitaje tarehe zote kwenye tangazo. Ila usiiandike kwenye miezi ambayo hukulipa.

*Afisa utumishi, Mbeya:* Asilimia hizo si zinawanufaisha wakubwa? Mpakiaji wa laki tatu akiwa B anapata 120,000, meneja wa milioni mbili anapata 800,000.

Kweli kabisa, na kwetu lilisemwa. Njia niliyoipendekeza, bodi ikaikataa kwa mwaka huu, ni kuchanganya: kila mtu wa daraja B apate 60,000 sawa, halafu asilimia 20 ya mshahara juu yake. Mpakiaji anabaki na 120,000 yake, meneja anashuka hadi 460,000. Inayobaki unaweza kuirudisha kwa wa chini. Ukiamua kubaki na asilimia tupu, usijaribu kuipamba. Iandike ilivyo.

*Msimamizi wa zamu, Mwanza:* Vijana wangu wananiuliza daraja la mwenzao. Niwaambie?

Hapana kaka. Kanuni ni ya wote, daraja ni la mtu mwenyewe. Mwambie, "Lete fomu yako tuipitie." Akiridhika na yake, hamu ya kuijua ya jirani inapungua sana.

*Mwenye kiwanda kidogo cha sabuni, Tanga:* Nimeshatangaza tarehe, mteja mkubwa kachelewesha malipo. Nifanyeje?

Toa tangazo la pili kabla ya tarehe ile, si baada yake. Taja sababu kwa sentensi moja na tarehe mpya ambayo una uhakika nayo hata yule mteja asipolipa. Kama una nusu ya fedha, lipa nusu siku uliyoahidi, ukianza na kila mtu kwa kiwango sawa. Usianze na ofisi.

*Katibu muhtasi, Dodoma:* Yule mama wa kitengo cha ubora alilipwa ya 2024?

Desemba ile hakulipwa. Januari nilirudia hesabu ya kila aliyeachwa nje kwa siku 10, nikamkuta yeye na mzee mmoja aliyekuwa amelazwa. Walilipwa pamoja na mshahara wa Februari 2025, kila mmoja na barua inayoonyesha hesabu. Yule mama aliisoma mpaka chini mbele yangu, akauliza kodi imekatwa kiasi gani, nikamwonyesha mstari, akaikunja akaiweka kwenye pochi.