SOMO: Maswali ya maadili utakayoulizwa ukiwasilisha utafiti uliohusisha watu

Swali lile lile linanijia kila msimu wa mawasilisho: "Nimeondoa majina yote, mbona jopo limenibana kwenye usiri?" Nimechoka kulijibu kwa mmoja mmoja, kwa hiyo naliandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza kwenye uzi huu.

Nitatumia mfano mmoja wa kubuni mwanzo hadi mwisho. Mwanafunzi amewahoji wauguzi 12 wa wodi moja kuhusu makosa ya kutoa dawa, na sasa anaandaa slaidi zake.

Hatua ya 1. Andika kwa sentensi moja umemhoji nani, kuhusu nini, na akijulikana atapata madhara gani. Kwa mfano wetu, muuguzi akijulikana anaweza kupewa adhabu ya kinidhamu kazini.

Hatua ya 2. Orodhesha kila anayegusa data: aliyehoji, anayeandika rekodi kuwa maandishi, msimamizi wako, mtu wa takwimu. Jopo likiuliza "nani mwingine amesikia sauti hizi?", jibu liwe tayari.

Hatua ya 3. Ridhaa. Tenganisha kibali na ridhaa. Barua ya uongozi wa hospitali inakuruhusu kuingia wodini tu. Ridhaa anaitoa muuguzi mwenyewe, baada ya kuelezwa na kuelewa, akiwa huru kukataa. Swali gumu hapa ni hili: je, angeweza kukataa bila bosi wake kujua? Kama mkuu wa wodi ndiye aliyekuwa akiwaita mmoja mmoja waje kuhojiwa, basi anajua nani alikwenda na nani aligoma, na uhuru wa kukataa umebaki kwenye karatasi. Njia salama zaidi ni kubandika tangazo lenye mawasiliano ya mtafiti, anayetaka amtafute mwenyewe, na mahojiano yafanyike nje ya wodi.

Na tafadhali, usijaze slaidi tatu historia ya miongozo ya maadili ya utafiti, yaani Kanuni za Nuremberg za 1947 na Azimio la Helsinki la 1964. Jopo linaijua. Linataka kusikia ulichofanya wewe.

Hatua ya 4. Usiri. Hapa ndipo wengi wanapoanguka, soma polepole.

Kuna ahadi mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza: "Najua wewe ni nani, lakini sitamwambia mtu." Huo ni usiri. Ya pili: "Hakuna anayeweza kujua wewe ni nani, hata mimi." Huko ni kutotambulika kabisa. Aliyekaa na mtu ana kwa ana akamhoji hawezi kutoa ahadi ya pili, maana sura ameiona na sauti anayo. Ukiwa umeandika kwenye fomu ya ridhaa kwamba mshiriki hatatambulika, umeahidi usichoweza kutimiza, na mjumbe makini wa jopo ataliona hilo mara moja.

Sasa tazama slaidi hii: *"Mshiriki wa 7, mwanaume, miaka 58, aliyehamia kutoka wodi ya watoto: 'Usiku ule nilimpa dozi mara mbili.'"* Jina halipo. Lakini wodi ile ina muuguzi mwanaume mmoja tu. Yeyote wa hospitali ile aliyekaa ukumbini ameshamjua kabla hujamaliza kusoma nukuu. Jinsia peke yake imetosha, umri na historia ya uhamisho vimekuja kuthibitisha tu.

Jambo hili si la vikundi vidogo pekee. Miaka ya 1990 nchini Marekani, mtafiti Latanya Sweeney alichukua rekodi za matibabu za watumishi wa jimbo la Massachusetts zilizokuwa zimeondolewa majina, akazilinganisha na daftari la wapiga kura. Kwa tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta, alizipata rekodi za gavana wa jimbo hilo, William Weld.

Dawa yake: kwa kila taarifa iliyo kando ya nukuu, jiulize kama hoja yako itaanguka ukiiondoa. Katika mfano wetu hoja ni uchovu wa zamu ya usiku, kwa hiyo "muuguzi wa zamu ya usiku" inatosha, mradi wanaofanya zamu hiyo ni wengi.

Tahadhari tatu:
- "Mshiriki wa 7" akitokea kwenye nukuu tano, msomaji ataziunganisha. Nukuu moja inataja uhamisho, nyingine watoto wake mapacha, na mtu kamili ameshaonekana. Nukuu nyeti iache bila namba.
- Usicheze sauti ya mshiriki ukumbini. Sauti ni utambulisho.
- Usimwonyeshe mfanyakazi wa wodi ile slaidi ili "akujaribie" kama watu watatambulika. Kufanya hivyo ndiko kuvujisha kwenyewe. Pitia na msimamizi wako.

Hatua ya 5. Andaa jibu la "data umeihifadhi wapi, hadi lini, na utaifutaje?" Orodha inayounganisha majina na namba ikae mbali na mahojiano.

---

MAONI NA MASWALI

Mzalendo_88: Mkuu naomba maswali 20 na majibu yake, nawasilisha kesho.

Mtoa somo: Siwezi kukujibia, utafiti wako siujui. Anza hatua ya 1.

Chipukizi: Mimi nimetumia majina ya kubuni, kwa hiyo niko salama, sivyo?

Mtoa somo: Mshiriki wa 7 naye hakutajwa jina. Rudia hatua ya 4.

Chipukizi: Sawa, ila unajibu kwa ukali.

Mtoa somo: Anayehatarishwa ni mtu aliyekuamini, ndiyo maana sibembelezi.

Bi Saada: Asante kwa somo. Mimi nilifanya majadiliano ya kikundi, watu wanane chumba kimoja. Usiri nauelezaje?

Mtoa somo: Swali zuri, dada. Unaweza kuahidi kwa niaba yako tu, si kwa niaba ya wale washiriki wanane. Fomu iseme hivyo waziwazi: mtafiti atatunza siri, washiriki wanaombwa watunze, lakini hatuwezi kuwadhamini. Kabla ya kuanza waambie wasitoe jambo ambalo hawataki lisikike nje, na uliza kwa mtindo wa "watu hapa hufanyaje" badala ya "wewe ulifanya nini". La nyeti sana lihamishie kwenye mahojiano ya mtu mmoja mmoja. Ukiulizwa na jopo, taja mpaka huo mwenyewe, usiufiche.

Bi Saada: Na mshiriki akijitoa baada ya uchambuzi?

Mtoa somo: Inategemea fomu ilisemaje. Inafaa iwe na tarehe ya mwisho ya kuondoa data, kabla haijachanganywa na ya wengine. Kabla ya tarehe hiyo unaondoa yote bila kudai sababu. Baada yake, usimtafute tena, na nukuu zake ambazo bado hazijachapishwa ziondoe ukiweza.

Kalamu Nyeusi: Nyongeza kidogo kwa wanaorekodi kwa simu: zimeni hifadhi ya mtandaoni inayojipakia yenyewe. Unaweza kufuta faili kwenye simu, kumbe nakala imeshafika kwenye akaunti ambayo familia nzima inaifungua.

Mtoa somo: Kweli kabisa. Na jina la faili pia: watu huandika jina la mshiriki na tarehe, halafu wanamtumia mwandishi wa rekodi.

Kalamu Nyeusi: Kuna lingine, fomu za ridhaa zenye saini. Kwa mada hatari, saini yenyewe ndiyo inaweza kuwa ushahidi pekee kwamba mtu alishiriki.

Mtoa somo: Hapo omba kamati ya maadili ikubali ridhaa ya mdomo: unasoma maelezo yote, mshiriki anakubali kwa sauti, na wewe mtafiti unasaini kwamba umeyasoma na amekubali. Omba kabla ya kuanza kukusanya data. Ukishaanza, umechelewa.