Slipu na benki zikipishana, gawanya pengo kwa 9

Jirani yangu wa duka hapa Manzese aliandika jumla ya 1,840,000 kwenye slipu, benki ikaingiza 1,480,000. Alishafunga duka aende kugombana na keshia. Nikamwambia, "Kaka, subiri kwanza." Pengo ni 360,000, na linagawanyika kwa 9 bila baki. Mara nyingi hiyo ni dalili ya tarakimu mbili kubadilishana nafasi. Tukasoma nakala ya slipu upya, mstari kwa mstari, kidole juu ya karatasi: noti 112 za 10,000, noti 60 za 5,000, noti 30 za 2,000. Jumla 1,480,000. Kumbe 8 aliitanguliza mbele ya 4. Pengo lisingegawanyika, ningetafuta mstari wa noti uliosahaulika kujumlishwa.