Thatini ama thati? Usiskize mwanzo, skiza mwisho

Wiki jana kastoma mzungu alinipigia anataka viti vya sherehe pale Karen, mi nikaskia thati, nikapakia 30 kwa pikap, kumbe alisema thatini. Mafuta yangu hiyo.

Sasa iko hivi, kwa Kiingereza 13 ikisemwa peke yake sauti inapanda mwishoni, tha-TIIN, na 30 inapanda mwanzo, THA-ti. Mmarekani naye hiyo t ya 30 anailegeza mpaka inakuwa kama d, thadi, lakini ya 13 anaigonga kabisa.

Shida ni ukiweka kitu baada ya hiyo 13. Thatini viti, hapo mkazo unaruka unaenda mwanzo, so 13 inaskika kama 30, na ndio ilinimaliza. Kinachobaki sanasana ni ile n ya mwisho, na kwa simu yenye netiwak mbovu hata hiyo inamezwa.

Siku hizi narudisha tarakimu moja moja kama namba ya simu: "wan thrii, ama thrii ziro?" Usirudie tu "thati?" juu atasema yes bila kuskiza. Ni hivyo hivyo kwa 14 na 40, mpaka 19 na 90.