Gemu ya Unreal picha zina ukungu? Gusa Engine.ini

Kama unacheza gemu la Unreal kwenye Windows na kuta zinabaki na ukungu hata ukizisogelea, mara nyingi bwawa la tekscha, yaani memori iliyotengewa picha za kuta na vitu, limejaa, na kwenye menyu huwezi kuliongeza. Funga gemu kwanza, fungua `%LOCALAPPDATA%`, ingia foda la gemu lako, Saved, Config, halafu WindowsNoEditor (za Unreal 5 huwa ni Windows tu), kopi Engine.ini pembeni kisha bandika hii mwisho wa faili:

```
[SystemSettings]
r.Streaming.PoolSize=3000
r.ViewDistanceScale=1.5
```

Hiyo 3000 ni megabaiti za memori ya kadi ya picha, kwa kadi ya giga 6 inatosha, wewe mwenye giga 4 anza na 2000 maana ukizidisha gemu linaanza kukwamakwama kila ukigeuza kamera. ViewDistanceScale inasogeza mbali vitu vinapotokea, ila hiyo inakula prosesa, kwa hiyo fremu zikishuka rudisha 1.

Gemu likifuta mistari yako likiwaka, iandike tena halafu weka faili Read-only. Gemu za mtandaoni zenye ulinzi wa chiti usiguse kabla hujasoma sheria zao.