Kutoa pete iliyokwama kwenye kidole kilichovimba

Juzi mwaloni Kirumba, mama mmoja muuza dagaa alibanwa kidole na kreti. Kufika mchana kilikuwa kimevimba na pete haisogei. Tuliitoa kwa uzi, hivi:

1. Kagua kidole. Bonyeza kucha hadi iwe nyeupe, kisha achia. Wekundu ukirudi ndani ya sekunde 2 hivi, damu inapita. Ukichelewa, au kidole kimekufa ganzi, kimepoa, kina kidonda au hakikunjiki, acha uzi. Nenda hospitali wakaikate. Cha mama yule kilikuwa kinakunjika vizuri.

2. Punguza uvimbe. Nyanyua mkono juu ya kichwa dakika 5 hadi 10, huku umefunga barafu kwenye kitambaa na kukandia kidole. Mwaloni barafu haikosi.

3. Jaribu mafuta. Mafuta ya mgando au sabuni ya maji, yaingie hadi chini ya pete. Zungusha pete huku ukiisogeza taratibu. Ukiivuta moja kwa moja, ngozi inajikunja mbele yake na kuizuia. Kwa mama yule ilifika kwenye kifundo ikagoma, nasi hatukuilazimisha.

4. Uzi. Mimi napenda uzi laini wa kusokotwa, ule wa kushonea nyavu, kama mita 1. Ule wa plastiki unaong'aa unakata ngozi, na wa cherehani unakatika. Futa mafuta kwanza, maana kwenye ngozi inayoteleza mizunguko haitulii.

Pitisha ncha moja chini ya pete, itokeze upande wa kiganja, uiache urefu wa kiganja. Hapa ndipo watu hukwama. Ikigoma kupita, isukume kwa tundu la sindano, kamwe si kwa ncha kali, na upite upande wa ndani wa kidole, ambako nyama ni laini.

Sasa zungushia uzi mrefu kuanzia ukingoni mwa pete kuelekea kwenye kucha, hadi uvuke kifundo. Kaza kiasi, na kila mzunguko ugusane na uliotangulia. Mama yule kaka yake alianza kwa kuacha nafasi. Nyama ikatokeza katikati ya nyuzi na pete ikakwama palepale. Tukafungua, tukarudia kwa kubananisha.

Paka mafuta juu ya uzi. Kisha shika ile ncha fupi ya upande wa kiganja, uivute kuelekea kwenye kucha huku ukiizungusha kufuata mzunguko uleule. Uzi unafunguka chini ya pete na kuisukuma mbele, hatua kwa hatua. Kwenye kifundo inauma kweli. Usisimame katikati, maana kidole kilichofungwa hakipati damu ya kutosha. Baada ya dakika chache, kama haijatoka, fungua uzi wote.

Ikishindikana mara ya pili, nenda ikakatwe. Ya dhahabu au fedha sonara ataiunga.